Kujua Si Kunawa

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi watatu tunaosoma uuguzi. Tumekimbilia huku Uganda tukitoka Kivu, na hapa Nakivale wengi wenu mnatuona tu siku za likizo tukiwa na mashati yetu meupe. Mmekuwa mkituuliza, "Hiyo ripoti mnayoililia ni ya nini?" Basi leo tunawaeleza, maana karibu ituangushe mwaka mzima.

Ili kumaliza masomo, kila kikundi kinaandika pendekezo la utafiti. Lisipokubaliwa, hukusanyi data, na usipokusanya data, humalizi. Sisi tulichagua kunawa mikono kwa wanafunzi wa uuguzi. Kusema kweli, tulidhani ni mada rahisi. Sisi si ndio watoto wa Ebola? Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 kule Kivu ya Kaskazini, huwezi kuingia kanisani, shuleni wala sokoni bila kupita kwenye ndoo ya maji ya klorini. Tukajiambia hii tunaijua kwa damu.

Tukaandika tatizo letu hivi: "Wanafunzi wengi hawajui umuhimu wa kunawa mikono." Na lengo letu: "Kuelewa kwa nini wanafunzi hawanawi." Tukapeleka kwa msimamizi wetu tukiwa na furaha.

Karatasi ilirudi nyekundu. Chini ya sentensi ya kwanza mwalimu ameandika, "Mmejuaje?" Chini ya lengo, "Mtapima kwa nini?" Halafu akatuita ofisini. Akauliza, "Ninyi watatu, mnajua umuhimu wa kunawa?" Tukajibu ndiyo. "Juzi wodini, mlinawa kila mara?" Tukabaki tunaangaliana. Mmoja wetu alikumbuka alivyovaa glovu moja kwa moja na kusafisha kidonda cha mama mmoja, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na bomba liko mwisho wa wodi. Alijua vizuri, lakini hakunawa.

Kumbe tatizo letu tulikuwa tumelikosea toka mzizi. Wanafunzi wanajua. Nafasi iliyopo ni kati ya kujua na kufanya, na hiyo nafasi dodoso peke yake haliwezi kuipima. Ukimpa mtu karatasi yenye swali "Je, unanawa?", ataandika ndiyo. Hata sisi tungeandika ndiyo.

Mwalimu alitufundisha kwamba maelezo ya tatizo yana ngazi nne: inavyotakiwa kuwa, ilivyo sasa, madhara yake, na kile ambacho bado hakijulikani mahali hapo. Inavyotakiwa tuliipata kwa Shirika la Afya Duniani, WHO, ambalo katika mwongozo wake wa 2009 linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka dripu au kusafisha kidonda, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye kama shuka au meza.

Hapo tukakwama kwenye neno lenyewe. Nyumbani, kunawa ni hata kumwagiwa maji kidogo kabla ya kula. Ndani ya utafiti lazima useme kunawa ni nini, la sivyo watatu mtaangalia kitu kimoja na kuandika mambo matatu. Tukaandika: ni kusugua mikono kwa sabuni na maji, au kwa sanitaiza ya spiriti. Kwa utaratibu kamili, sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60, na sanitaiza sekunde 20 hadi 30. Kuchovya vidole kwenye beseni haihesabiwi.

Kitu kilichotufungua macho zaidi ni hiki: hauhesabu wanafunzi, unahesabu fursa. Chukulia mwanafunzi anapima presha kitanda cha 3. Halafu anaenda moja kwa moja kitanda cha 4, anapima joto. Kisha anavaa glovu, anasafisha kidonda cha mgonjwa huyo huyo, anavua glovu, ndipo anaenda kunawa. Ukimuuliza, atasema amenawa, na hadanganyi. Sasa tuhesabu. Fursa ya kwanza ni kabla ya kugusa mgonjwa wa 3. Ya pili ni kati ya wagonjwa wawili. Hapo nyakati mbili zimekutana, baada ya wa 3 na kabla ya wa 4, lakini kunawa mara moja kunatosha, kwa hiyo ni fursa moja. Ya tatu ni kabla ya kidonda, na glovu haichukui nafasi ya kunawa. Ya nne ni baada ya kidonda. Fursa 4, amenawa 1. Uzingatiaji wake ni 1 gawanya kwa 4 mara 100, yaani asilimia 25. Na angalia alinawa wakati gani: pale alipoogopa kujichafua yeye mwenyewe. Mara zile tatu za kumkinga mgonjwa zilipita hivi hivi.

Kutoka hapo malengo yakajiandika yenyewe, kila moja na kitenzi kinachopimika. Kwanza, kupima asilimia ya fursa ambazo wanafunzi wanasafisha mikono wodini. Pili, kulinganisha asilimia hiyo kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Tatu, kubainisha kama uwepo wa maji, sabuni na sanitaiza karibu na kitanda unahusiana na kunawa. Neno "kuelewa" tulilifuta, maana hakuna rula ya kupima kuelewa.

Lakini kuangalia watu nako kuna shida yake. Mtu akijua anaangaliwa, ananawa sana, na namba yako inapanda bure. Kwa hiyo tuliandika kwamba siku za kwanza tutakaa wodini bila kuhesabu, mpaka watuzoee, halafu kila kikao kiwe kama dakika 20.

Shida nyingine ilikuwa yetu peke yetu. Sisi ni wakimbizi. Mkimbizi akikaa kwenye kona na kalamu, anaandika wenzake, watu watasema nini? Mmoja wetu alitaka tuache kabisa. Alisema, "Kule kwetu mtu wa kuandika majina alituletea matatizo." Tulizungumza usiku kucha. Mwishoni tuliweka hili kwenye pendekezo: fomu haina sehemu ya jina wala ya namba ya shule. Wanafunzi wote wataelezwa mapema kwamba tunaangalia mambo ya usafi na usalama wa mgonjwa, na asiyetaka ataacha bila kuulizwa sababu. Tukiona hatari kubwa kwa mgonjwa, tunaacha kuhesabu na kusaidia kwanza.

Pendekezo lilipita raundi ya tatu. Sasa tunasubiri barua ya kamati ya maadili, na bila hiyo barua hatugusi wodi na fomu.

Yule aliyesafisha kidonda bila kunawa anasema siku hizi akitoka kitanda kimoja kwenda kingine anajikuta anahesabu kimoyomoyo: fursa ya kwanza, fursa ya pili. Jumatano alitembea mpaka mwisho wa wodi mara sita. Mara ya saba bomba lilikuwa kavu. Aliandika hilo pia, maana lengo la tatu ndilo linauliza hivyo.