Kazi iliyokwama na kilo zilizopotea

Leo nakiri kosa langu mwenyewe.

Kuna kiwanda kimoja cha chai upande wa Litein ambacho nilikiandikia skripti ya Paithoni. Kila dakika 15 ilivuta uzito wa majani mabichi kutoka vituo vya kukusanyia, vingine vya huko Bomet, kwa mtandao wa simu. Ili mizunguko miwili isigongane niliweka kufuli kwa `flock -n`: atakayekuta mlango umefungwa aondoke zake. Nikajiona fundi.

Jumatatu asubuhi karani akanipigia: "Kijana, wakulima wako dirishani na karatasi zao za mizani. Kilo za tangu Ijumaa ziko wapi?"

Niliingia kwenye seva nikaandika:

```
ps -eo pid,etime,cmd
```

Safu ya `etime` huonyesha kazi imeishi kwa muda gani. Skripti yangu, ambayo kwa kawaida humaliza kwa sekunde 40, ilikuwa na siku mbili na ushee! Ijumaa jioni mtandao ulikatika wakati inasubiri jibu. Anayesubiri kusoma hatumi kitu, kwa hiyo hapati hitilafu yoyote. Na Paithoni, usipoitajia kikomo, husubiri milele. Kufuli likabaki mkononi mwake. Kila dakika 15 kazi mpya ilikuja, ikakuta mlango umefungwa, ikaondoka kimya kimya. Hakuna kosa lililoandikwa popote.

Niliiua ile iliyokwama, na mzunguko uliofuata ukavuta kilo zote, kwa kuwa vituo vilikuwa bado vimezihifadhi. Kisha nikabadilisha mstari wa ratiba:

```
*/15 * * * * flock -n /tmp/chai.lock timeout -k 30s 10m /opt/chai/vuta.py
```

Sasa zikipita dakika 10, `timeout` huiamuru kazi isimame. Ikikaidi kwa sekunde 30 zaidi, huuawa bila kuulizwa. Kwa nini 10? Usiku wa mvua kazi ilifikia dakika 4, kwa hiyo 10 haiui kazi nzima iliyo polepole tu, na inaisha kabla ya zamu inayofuata.

Ndani ya skripti pia niliweka `timeout=20` kwenye `requests`. Lakini hiyo peke yake haitoshi: inapima ukimya kati ya vipande vya data, si muda wote. Kituo kinachodondosha baiti moja kila sekunde 15 kitakushikilia siku nzima.

Tahadhari moja: kazi inaweza kuuawa katikati ya kuandika. Ndiyo maana kilo za kituo kimoja sasa huingia zote kwa pamoja au haziingii kabisa, nisije nikamlipa mkulima nusu gunia. Na ikirudi na namba 124 au 137, yaani imekatizwa, napata ujumbe kwenye simu kabla karani hajanipigia.

Haya, na wewe nenda kaangalie `etime` zako.