Barua ya Mapendekezo, Kutoka Mtua

Miaka ya tisini, kijana wa Mtua aliyetaka mkubwa wake wa zamani amsemee mahali alianza kwa kutafuta karatasi ya mistari na mtu mwenye mwandiko mzuri. Barua yangu ya namna hiyo ilikwenda Masasi mkononi mwa utingo wa basi. Anwani yangu ilikaa juu kulia, ya mkubwa chini yake kushoto, kisha "Yah:" iliyopigiwa mstari kwa rula. Ikafuata ile sentensi ya lazima, "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na mwisho "Wako katika ujenzi wa taifa". Jibu lilirudi ndani ya bahasha ya kaki iliyogongwa muhuri mgongoni, pale inapofungiwa. Ukiifungua, barua imekufa. Niliibeba hivyo hivyo hadi kwa mwajiri mpya, sijui nimesifiwa au nimechongewa.

Wengi bado wanachanganya barua hiyo na cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti ajira inapokoma, na hicho unaweza kukidai. Lakini cheti kinathibitisha tu kwamba ulifanya kazi pale. Kwamba uliaminika na funguo za ghala, hilo linasemwa na mtu kwa hiari yake, na hiari haidaiwi. Inaombwa.

Kilichobadilika ni ushahidi. Zamani ulikuwa muhuri. Sasa vyuo vingi vinamtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, naye anaijaza barua huko huko, mwombaji haigusi. Kwa hiyo baruapepe ya ofisi ina uzito zaidi kuliko ile ya kujifungulia mwenyewe, maana hiyo ya pili hata mwombaji angeweza kujitengenezea.

Mpwa wangu alikuwa karani wa ghala la korosho upande wa Ruangwa, kisha akaomba masomo ya uzamili. Aliniletea simu nimsomee baruapepe kabla hajaituma kwa msimamizi wake wa zamani. Ilisomeka hivi:

"Shikamoo Mzee. Mimi niliekuwa karani wako wa ghara. Husika na somo tajwa hapo juu. Nakuomba sana unisaidie barua ya mapendekezo haraka sana. Asante."

Somo tajwa hapo juu halikuwepo. Sehemu ya mada aliiacha tupu. Zile "Yah:" za kwetu zimehamia huko, na mkubwa anayepokea ujumbe mwingi kwa siku huanza kusoma hapo. Tukaandika: "Ombi la barua ya mapendekezo, mwisho 30 Juni", na jina lake kamili. "Haraka sana" ikaondoka kwa sababu tarehe inatosha kumsukuma mtu bila kumwamrisha. "Niliekuwa" ikawa "niliyekuwa", "ghara" ikawa "ghala". "Shikamoo Mzee" sikuigusa, wala "nakuomba sana". Ndivyo alivyokuwa akimsemesha kazini, na barua iliyonyooshwa kupita kiasi ingemfanya yule mzee ajiulize nani ameiandika.

Pengo kubwa halikuwa tahajia. Msimamizi yule amepitiwa na makarani msimu baada ya msimu, na kwa barua ile angebaki kuandika "ni mchapakazi mwenye nidhamu", maneno yasiyomwambia kitu msomaji wa chuo. Basi tuliongeza msimu aliofanya kazi, anachokwenda kusoma, na mambo mawili ambayo mzee aliyaona kwa macho yake: kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikata sampuli za korosho kupima ubora mbele ya wakulima, na kwamba siku hesabu ya magunia ilipopishana na stakabadhi, alirudia kuhesabu lundo zima kabla ya kusaini. Mwishoni tukaweka: "Kama nafasi haitakuruhusu, nitaelewa, Mzee." Mstari huo si adabu tupu. Asiye na neno jema la kukusemea anahitaji mlango wa kutokea, la sivyo atakuandikia barua baridi, na barua baridi inaumiza kuliko kukosa.

Mzee alijibu kwa mstari mmoja: "Hongera mwanangu. Andika wewe, nitasaini." Wakubwa wengi hujibu hivyo, nao hawana nia mbaya, ni kazi nyingi tu, na pengine Kiingereza cha barua kinawachosha. Lakini kiungo kilikuwa kinakwenda kwake, na barua mbili za wadhamini tofauti zenye mtindo mmoja wa kuandika hugundulika upesi. Nilimshauri mpwa wangu asimtumie barua iliyokamilika, ampe hoja fupi fupi kwa Kiswahili, mzee azigeuze mwenyewe kwa maneno yake. Alimpigia simu kwanza, jioni, baada ya mzee kutoka kazini. Wakazungumza sana habari za bei ya korosho, kidogo habari za barua, na wiki iliyofuata chuo kikamjulisha kwamba mdhamini wake amekwisha kuiwasilisha.