Jina la Babu Kwenye Bahasha

Barua ya kwenda kwa bibi yangu milimani huandikwa kwa mistari mitano. Wa kwanza ni jina lake na la baba yake. Wa pili ni "kwa Mzee", likifuatiwa na jina la babu. Kisha kitongoji, kisha kijiji cha Mbaga, na mwisho shule ya msingi yenye sanduku la posta: S.L.P. na namba yake, Same.

Posta husoma bahasha kuanzia chini. Mstari wa mwisho huifikisha Same mjini tu, kwenye sanduku la shule. Kutoka hapo hupanda na mwalimu, au na kondakta wa gari linalopitia Mwembe. Shuleni, kijiji na kitongoji humwonyesha mwalimu mtoto wa kumpa barua. Mtoto naye huhitaji jina la mkuu wa kaya, maana huko nyumba huitwa kwa mwenyewe: "kwa mzee fulani."

Jina la ukoo halisaidii sana. Ukiandika "Bi. Mmbaga, Mbaga, Same," umewaandikia wengi. Bahasha ya namna hiyo hutembea nyumba hadi nyumba. Utaitambua ikifika: pembe zimelegea, gundi imebandikwa mara ya pili, na pembeni kuna mwandiko mgeni, "Si wa hapa, jaribuni juu." Siri yako imeshasomwa.

Babu alipofariki, mstari wa pili ukawa kesi. Baba mdogo alitaka liandikwe jina lake, kwa kuwa shamba sasa lilikuwa mikononi mwake. Lakini yeye anaishi Hedaru, kule tambarare. Barua yenye jina lake ingeweza kuishia kwake, na hela ya dawa iliyomo ndani pia. Bibi alisikiliza, akauliza, "Kwani nyumba hii analala nani?"

Kwa karani wa sensa ya 2022, mkuu wa kaya ni bibi. Kwa watoto wanaobeba barua, pale bado ni kwa babu. Tukaamua jina la bibi likae juu, peke yake, kwa herufi kubwa, na chini yake "nyumbani kwa marehemu Mzee", kisha jina la babu. La juu linasema nani afungue. La chini linasema mlango upi.

Msimbo wa posta huwa na tarakimu tano na huishia kwenye kata, kwa hiyo hauwezi kuuchagua mlango huo. Namba ya nyumba ya anwani za makazi inaweza, mradi mbebaji awe anaijua. Tunaiongeza pale panapobaki nafasi. Jina la babu hatulifuti, maana mtoto wa darasa la nne akiulizwa njia, hilo ndilo atakalolitaja.