"Uwezo tunao": Mwalimu alikuwa anamwambia nani?

Kile kipande cha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978 wengi wetu tunakijua kwa kichwa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tatizo ni kwamba tukiandika habari za Vita vya Kagera tunakichukua kama taarifa ya hali ilivyokuwa. Hapo ndipo mimi nasita kidogo.

Tazama tarehe. Majeshi ya Amin yalikuwa yameshaingia mwishoni mwa Oktoba, na siku moja tu kabla ya hotuba Amin alitangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera ni mali ya Uganda. Wanajeshi wetu waliokuwa kule mpakani walikuwa wachache mno. Ilichukua wiki kadhaa kukusanya watu, magari na silaha na kuvifikisha Kagera. Kwa hiyo sentensi ya "uwezo tunao" haithibitishi kwamba uwezo ulikuwepo siku ile. Inathibitisha kwamba Mwalimu alitaka tuamini hivyo, na Amin naye aamini. Ukitaka kujua uwezo halisi, tafuta kumbukumbu za jeshi na waliopigana.

Halafu sikiliza lugha yenyewe, jamani. Anasema *kumpiga*, sio *kuwapiga*. Ile "m" ni ya mtu mmoja. Vita ni na Amin, sio na Waganda, na hilo lilikuwa na maana kwa sababu wapo Waganda waliokimbilia Tanzania na baadaye wakapigana upande wetu. Ukiitafsiri kwa Kiingereza utakuta adui anaweza kugeuka nchi nzima. Ndiyo maana mwandishi anayetumia tafsiri peke yake anapoteza ushahidi.

Na wasikilizaji hawakuwa sisi tu. Katika hotuba hiyo hiyo anawajibu marafiki waliokuwa wanahimiza suluhu. Maneno hayo yanaielekea Afrika huru, ambayo huko Cairo mwaka 1964, kwa hoja ya Nyerere mwenyewe, ilikubaliana kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Neno "sababu" lilikuwa linawagusa hao hasa. Vipande vingi vinavyozunguka mitandaoni vimekatwa pale pale kwenye yale maneno matatu, kwa hiyo ukitumia kipande tu, wasikilizaji hawa huwaoni kabisa.

Kuna wanaosema hotuba hii inaonyesha mpango wa kumng'oa Amin ulikuwepo tangu mwanzo. Mimi sikubali. "Kumpiga" kunaweza kuwa kumfukuza avuke mpaka na basi. Majeshi yetu yaliingia Uganda Januari 1979, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Uamuzi wa kusonga mbele unahitaji ushahidi wake wenyewe, wa miezi ile, maana Novemba alichokuwa anakidai hadharani ni ardhi ya Kagera.