Dada Mizani katimiza 30

Nyie wangu, leo sina somo la presha wala la minyoo. Leo ni sikukuu ya mtu mmoja ambaye wengi mnamjua kwenye simulizi zangu kwa jina la Dada Mizani. Ametimiza miaka 30. Jina lake halisi siliandiki, nisije nikaletewa kesi.

Kwa wageni: huyu ni muuguzi mwenzangu, mtoto wa Tanga, aliyeletwa na ajira hadi huku Kibondo. Alishuka kwenye basi kavaa viatu vyeupe, msimu wa mvua! Wiki hiyo hiyo akajifunza salamu moja ya Kiha, "mwakeye", na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ni ya asubuhi, akawasalimia wagonjwa nayo saa nne za usiku kwa mwezi mzima. Wazee walikuwa wanaitikia tu, wanapiga makofi kwa heshima, halafu wanachungulia dirishani kama kweli kumekucha. Nilijua. Nilinyamaza. Nisamehe, shoga.

Sasa hilo jina la Mizani. Watu wanadhani ni kwa sababu anapima maharage upya sokoni Kasulu mbele ya muuzaji. Hapana, hiyo tabia ilianzia wodini.

Ilikuwa zamu ya usiku, tuko wawili. Mama mmoja alikuwa amejifungua mtoto wa tano, salama, kondo limetoka lote, sindano ya oksitosini kachomwa. Alikuwa anaongea, anacheka na mtoto wake. Presha 110 kwa 70. Nikatazama khanga alizolalia, nikasema damu ya kawaida hiyo, nikaenda kuandika faili.

Huyu bibi akazichukua zile khanga mbili, akaziweka kwenye mizani ya watoto. Nikamcheka. Nikamuuliza, "Unampa jina gani huyo?" Hakunijibu. Mizani ikasoma gramu 1,150. Khanga mbili kavu alishazipima kabla, gramu 400. Toa, inabaki 750, na gramu moja ya damu ni karibu sawa na mililita moja. Kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida, 500 tu tayari inahesabika kuwa anavuja damu kupita kiasi. Tena khanga hizo alikuwa amezitandika mtoto akiwa ameshatoka, kwa sababu mizani haijui kutofautisha damu na maji ya uzazi.

Jicho langu lilikuwa limekadiria 300. Jicho ndivyo lilivyo, hupunguza, hasa likichoka. Na presha ilinidanganya, maana mwili wa mama mzazi huishikilia mpaka damu nyingi iwe imeshaondoka. Mapigo ya moyo ndiyo yaliyokuwa yanasema kweli: 118. Mimi sikuwa nimeyahesabu.

Nikaweka mkono tumboni. Mji wa mimba umelegea kabisa, na umepanda juu ya kitovu, umesukumwa upande. Kibofu kilikuwa kimejaa. Yeye akaanza kuusugua, mimi nikaweka mpira wa mkojo, ukatoka mkojo kama mililita 600. Dripu ya lita moja yenye oksitosini yuniti 20, traneksamiki gramu moja taratibu kwenye mshipa, daktari kapigiwa simu. Baada ya dakika kadhaa akaniambia, "Njoo ushike." Mji ulikuwa umekaza, mgumu kama mpira wa miguu. Damu ikapungua hadi michirizi.

Yule mama hakujua kitu. Asubuhi alidai chai na akalalamika kwamba khanga yake nzuri imeharibika.

Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Dada Mizani akanifuata, akakaa, akasema, "Mwakeye." Na safari hii ilikuwa asubuhi kweli. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Hajawahi kulitaja lile neno langu "kawaida" mbele ya mtu yeyote, hata tulipogombana mwaka jana. Nalitaja mimi leo.

Sasa kahamia Kasulu, kaniachia kota yenye mjusi aliyekuwa anamwogopa (ni mzima, anakusalimia). Nilipompigia alfajiri kumwambia umri umekwenda, akanijibu eti lazima nitoe uzito wa khanga kavu: miaka ya shule na miaka ya kusubiri ajira haihesabiki, kwa hiyo ana 23. Nimemkatalia. Mama, hiyo ni damu yote!

Jumamosi napanda basi, napita Mvugwe hadi kwake na asali ya Kibondo lita moja. Asali safi lita moja huwa karibu kilo moja na gramu 400, na najua ataiweka mezani kabla hajanikaribisha kiti. Weka tu, shoga. Chupa tupu nimeshaipima: gramu 38.