Alama za Kitaliano, Maelezo ya Kiarabu

Mwaka 2024 nilikuwa nikifundisha muziki katika shule moja ya sekondari mjini Nakuru. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwapo kijana kutoka Omdurman, ambaye wazazi wake walihamia Kenya baada ya vita vilivyozuka Sudani mwezi wa Aprili 2023. Kiingereza chake kilikuwa haba, na Kiswahili ndiyo kwanza kilikuwa kikichipua kinywani mwake. Mimi nilisoma Kiarabu utotoni katika chuo kimoja cha Mombasa, kwa hiyo tulielewana.

Kijana huyu alijitayarisha kupiga kinanda mbele ya shule nzima. Siku ya majaribio alianza kwa pupa. Mahali pa kupaza sauti akaishusha. Na katikati akapunguza mwendo asiurudie tena hata mwisho. Wenzake walimcheka. Nami, nakiri kwa haya, nilidhani kuwa sikio lake lilikuwa zito.

Walipoondoka nilimtaka anionyeshe karatasi yake. Hakuwa nayo. Alikuwa na picha aliyoipiga kwa simu kutoka katika kitabu cha maktaba, na daftari alimonakili alama zote za Kitaliano, kila moja na maana yake kwa Kiarabu.

Juu kabisa paliandikwa *Allegro ma non troppo*. Chini ya neno la kwanza aliandika "sarii", yaani upesi. Hakukosea, lakini asili ya neno hilo ni uchangamfu, basi nikamwongezea "marih", mwenye furaha. Kosa lilikuwa katika neno dogo lililofuata. Kwa Kiarabu "ma" hukanusha, na *non* ya Kitaliano nayo hukanusha. Kijana aliona makanusho mawili yakiuana, na kilichobaki kikawa upesi mno! Nilimweleza kuwa *ma* ya Kitaliano ni "lakin", neno lile lile lililotupa sisi lakini. Maana ya maneno yote, basi, ni uchangamfu, lakini usipite kiasi. Kando yake palikuwa na hesabu ya mapigo 112 kwa dakika. Tulitazama saa tukapiga makofi: mapigo 28 kwa robo dakika. Yeye alikuwa akipiga 36.

Tukaja kwenye alama ya pili, ambayo si neno. Ni mistari miwili inayotoka katika ncha moja na kufunguka kama mdomo wa ndege kuelekea kulia. Nilimwuliza maana yake. Akaweka kidole upande wa kulia, penye upana, akakivuta hadi kwenye ncha, akasema, "Sauti inapungua, ya ustadhi." Hapo nilifahamu. Vidole vyake vilifuata noti kutoka kushoto kwenda kulia, lakini jicho lake liliisoma alama kama lisomavyo maandishi ya Kiarabu, kutoka kulia. Nilimwambia aandike "hafit", yaani ndogo, kwenye ncha, na "kawi", yaani yenye nguvu, kwenye mdomo. Maneno mawili mahali pawili hayawezi kusomwa kinyume.

Likabaki fumbo la mwendo usiorudi. Mahali pale paliandikwa *poco rit.*, naye alifasiri sawasawa: punguza mwendo kidogo. Baada ya hapo hapakuwa na amri nyingine, na mwenye kutii alama angefanya kama alivyofanya yeye. Hata hivyo nilishuku, maana baada ya noti chache wimbo wa mwanzo ulirudi vile vile, nao haukustahili kukokotwa. Nikahesabu vyumba vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima. Kila safu ya ukurasa ilikuwa na vyumba vinne, na cha mwisho kilifungwa kwa mstari wake. Safu ile peke yake ilikuwa na vyumba vitatu na kipande cha cha nne, bila mstari wa kukifunga.

Kesho yake tulikwenda maktaba. Ukurasa wa kitabu kinene hupinda pale ulipofungwa, na picha haioni ndani ya mpindo ule. Tulikikandamiza kitabu juu ya meza, na pale pembeni, juu ya chumba cha nne, tukaona maneno *a tempo*: rudi kwenye mwendo wako. Kijana aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akaandika "irji", rudi.

"Sikukosa kusoma, ya ustadhi," alisema kwa upole. "Halikuwapo."

Sikuwa na jibu ila kumwomba radhi. Wiki iliyofuata alipiga mbele ya shule. Alipofika mahali pale alipunguza mwendo, akapumua, akarudi. Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu akikosea, huitazama kwanza karatasi yake kabla sijalihukumu sikio lake.