Kadi Tatu na Mdomo Uliofungwa



Sisi wawili tumezaliwa Unguja, tukaolewa bara: mmoja yupo Kilosa mjini, mwingine Mikumi. Bibi harusi anayehamia ukweni aghalabu hukuta watoto nyumbani, wadogo wa mume au wa wifi, na haichukui muda mmoja wao atakuja na daftari la Kiingereza. Wa kwetu ana miaka saba. Kiswahili anakisoma vizuri, lakini "men" aliisoma "meni", na "net" akaisoma "neti". Alishaanza kuambiwa ni mzito, naye ameanza kuamini.

Si mzito. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Hivyo ndivyo mtoto anavyofundishwa, na ndivyo ulimi wake ulivyozoea. Hata watu wazima tuliipokea "pin" tukaifanya pini, na "bus" tukaifanya basi. Mtoto anafanya lile lile lililofanywa na lugha yake. Kinachomshinda ni kuishia kwenye konsonanti na kunyamaza.

Tunatumia kadi za manila zenye upana wa vidole vinne hivi, kila moja na herufi moja. Tunaanza na m, e, n. Tumechagua e kwa sababu sauti yake katika "men" iko karibu sana na e yetu. Irabu ya "sun" iko karibu na a ya Kiswahili, ingawa imeandikwa u, kwa hiyo maneno hayo tunayaweka nyuma.

Kadi zinapangwa mkekani zikiwa zimeachana. Mtoto anagusa m na kuivuta sauti, mmmm, bila kuikata, huku akiisogeza kadi ya e taratibu. Kadi zikigusana, sauti nazo zigusane: mmme. Hapo hana shida, maana "me" anaijua tangu zamani. Ndipo anaisogeza n, na sauti isikatike njiani: mmmennn. Mwishoni ulimi ubaki umegusa juu, nyuma ya meno, mpaka pumzi iishe. Ulimi ukishuka mapema, ile i itatoka: meni.

Atamke sauti ya herufi, si jina lake. Mtoto anayesema "em, e, en" hata akizisogeza kadi mara mia hatapata neno.

Tunaanza na konsonanti zinazovutika, yaani m, n, s, l na f. Za kukatika, kama t, p na g, zinakuja baadaye, na kwanza mwishoni mwa neno: "net", "leg". Kwa t tunamwambia aisemee sikioni mwetu, kwa kunong'ona. Akiinong'ona, irabu haipati nafasi ya kupanda nyuma yake.

Lililotusaidia zaidi tulilipata chuoni anakosoma Kurani. Mtoto huyu anasoma "qul" bila kusema "quli", na "lam" bila kusema "lami". Sukuni anaijua! Basi akisema "meni" tunamwambia, "Mwanangu, hiyo n ina sukuni." Anacheka, anarudia, na mdomo unafunga. Ila maneno ya Kurani hatuyaandiki kwenye kadi, kwa kuwa zinakanyagwa na kutupwa. Tunayatumia kwa sikio tu.

Utajuaje kwamba anaunganisha sauti kweli, wala hajakariri? Badilisha kadi moja tu. Toa m, weka t: "ten". Toa n ya mwisho, weka l: "tel". Hilo la mwisho si neno la kawaida la Kiingereza, na ndiyo maana tunalipenda: hana pa kulikariri. Akilisoma, ameshika njia. Akisoma "men" vizuri kisha akakwama kwenye "nem", alikuwa anakumbuka sura ya neno, basi rudi kwenye kuvuta sauti.

Kadi hizi zina mipaka yake. Mtoto ambaye bado hajazishika silabi za Kiswahili hazihitaji. Azimalize hizo kwanza. Na kusoma "hen" si kujua kuwa ni kuku. Mwonyeshe yule aliyepo uani. Tena yapo maneno ya herufi tatu yasiyofuata njia hii, kama "her" na "new". Hayo tunayatenga, asije akadhani kosa ni lake.

Dakika kumi baada ya Alasiri zinatosha, maneno manne au matano. Wa kwetu juzi alisoma "leg", akajishika mguu, kisha akatuomba kadi nyingine.